Visima 1213: jinsi ninavyosafisha ripoti iliyopitiwa na watu wanne

Jamani kuna asasi moja ndogo hapa Dar, sitaitaja, walinitumia ripoti yao ya mradi wa maji Kigamboni wakaniambia "dada tusaidie, tumeshaunganisha kila kitu, wewe malizia tu lugha". Nafungua, ukurasa wa 3 nakuta mradi umechimba visima 1213. Elfu moja mia mbili na kumi na tatu, kwa bajeti ile? Nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka maana ripoti ilikuwa inaenda kwa mfadhili Ijumaa na siku hiyo ni Jumatano.

Kilichotokea ni hivi. Rasimu ya tatu ilisema "visima 14". Dada wa fedha kwenye kopi yake akafuta 14 akaandika 12. Bosi kwenye kopi yake naye akafuta 14 akaandika 13. Kijana wao akaziunganisha kopi kwenye Word halafu akabonyeza Accept All. Sasa Word haijui kwamba 12 na 13 zinagombea kiti kimoja, yenyewe inaona ufutaji na nyongeza mbili, wewe umeikubalia vyote, basi inafuta 14 na kubandika nyongeza zote mbili zikiwa zimekumbatiana. Ndo 1213 hiyo. Kwenye maneno inakuwa "washirikiwalengwa", na hapo angalau jicho linashtuka, lakini namba inapita kimya kimya kama hakuna kitu.

Kwa hiyo faili lile lililounganishwa nililiweka pembeni kabisa. Kulirekebisha ni kujisumbua, kwa sababu ukishakubali mabadiliko hujui tena nani aliandika nini. Nikaomba vitu viwili: kopi nne kama zilivyorudi kwa wenyewe, na rasimu ya tatu safi kama ilivyotumwa kabla mtu yeyote hajaigusa. Hiyo ya pili ndo msingi, bila hiyo huwezi kusema nani amebadilisha nini, utabaki kulinganisha mabadiliko na mabadiliko. Walinitafutia kwenye imeili zilizotumwa wakaipata.

Bosi na yule kaka wa ufuatiliaji na tathmini walikuwa wamewasha Track Changes, hao hawakunipa shida. Dada wa fedha hakuwasha, ameandika tu juu ya maandishi kama anaandika meseji. Dawa yake ni Review > Compare > Compare, unaweka msingi kama Original document na kopi yake kama Revised document, na pale kwenye Label changes with unaandika jina lake, Word inakutengenezea faili jipya lenye alama kama vile aliwasha tangu mwanzo. Bonyeza More utoe tiki kwenye Formatting, la sivyo utapata mamia ya alama za fonti na nafasi ambazo hakuna mtu anazijali. Angalizo moja: Compare inachukulia kila alama ya Track Changes iliyomo kama imeshakubaliwa, kwa hiyo usiitumie kwa kopi ambazo tayari zina alama. Hizo ni za Combine.

Aliyenitoa jasho ni mshauri, wa nne huyo. Naye hakuwasha Track Changes, nikalinganisha kopi yake na msingi, naona kafuta aya mbili nzima za kamati za maji bila komenti hata moja. Nikasema huyu mzee mbona mkali hivi. Kushuka chini naona tena "amerudisha" makosa ya tahajia ambayo kwenye rasimu ya tatu yalishasahihishwa. Hapo nikaelewa. Hakuna mtu anakaa anarudisha makosa kwa makusudi, mzee alifanya kazi juu ya rasimu ya pili, pengine alifungua faili alilokuwa nalo kwenye Wasapu. Zile aya hakuzifuta, hakuwahi kuziona! Ziliongezwa baadaye. Dalili ni hiyo: ukiona "ufutaji" wa mtu unafanana neno kwa neno na kile kilichoongezwa kati ya rasimu mbili, basi umemlinganisha na msingi usio wake. Nikaomba rasimu ya pili, nikailinganisha na kopi yake, yakabaki mabadiliko 11 tu ya kweli, hayo nikayaandika mwenyewe kwa mkono juu ya msingi wa rasimu ya tatu, Track Changes ikiwa imewashwa na jina lake kwenye komenti.

Baada ya hapo ndo kuunganisha. Compare > Combine inachukua mafaili mawili mawili, kwa hiyo msingi na bosi kwanza, nasevu, tokeo hilo na kaka wa tathmini, nasevu kwa jina jingine, naendelea hivyo hivyo mpaka wa nne. Ikikuuliza ushike fomati ya faili lipi, shika ya msingi.

Sasa hapa ndo kazi yenyewe, na hapa wengi wanakosea maana wanaanza ukurasa wa kwanza wakibonyeza Accept na Reject kama wanamenya vitunguu. Mimi napita mara ya kwanza kwa yale yasiyogombana tu, nukta, tahajia, sentensi aliyogusa mtu mmoja bila kubadilisha ukweli. Nakubali, yanapotea machoni. Kinachobaki ni sehemu ambazo watu wawili au watatu wamegusa maneno yale yale, na kwenye ripoti hii ya kurasa 22 zilibaki 9. Tisa unaziweza.

Kati ya hizo tisa, ugomvi wa maneno naamua mimi, ndo nimelipwa. Ugomvi wa ukweli siamui, hata kama bosi ndiye kaandika. Visima ni 12, 13 au 14? Nikawapigia wote. Kaka wa tathmini, ambaye aliiacha 14 akaongeza tu neno "vilivyochimbwa", akasema dada, tumechimba 14, hiyo haina mjadala. Bosi akasema kimoja kilitoa maji ya chumvi tukakifunga, vinavyotoa maji ni 13. Dada wa fedha akasema mkandarasi kalipwa kamili kwa 12, kimoja bado hakijakabidhiwa rasmi. Yaani wote watatu wako sahihi! Kila mtu anahesabu kitu chake. Hapo ungebonyeza Accept kwa yeyote ungeandika ripoti pungufu, kwa hiyo nikakataa mabadiliko yote matatu nikaandika sentensi upya: "Mradi ulichimba visima 14. Kimoja kilitoa maji ya chumvi na kufungwa. Kati ya 13 vinavyotoa maji, 12 vimekwishakabidhiwa." Nikaituma kwenye grupu lao, wakajibu sawa ndani ya dakika kumi.

Kabla sijatuma, kuna hatua siiruki. Kuchagua No Markup kunaficha alama tu, hakuziondoi, mfadhili akifungua kwake anaona ugomvi wenu wote. Kwa hiyo nafuta komenti zote, nakagua Reviewing Pane isome sifuri, halafu nalinganisha mara ya mwisho: msingi dhidi ya faili langu safi. Kila tofauti inayoonekana lazima niweze kusema ni ya nani. Safari hii zote zilikuwa na mwenyewe isipokuwa moja, mwaka kwenye kichwa cha jedwali la 4 ulikuwa umebadilika na hakuna kopi hata moja iliyougusa. Nikatafuta weee, kumbe ni mimi, nilifanya Replace All saa tano usiku umeme umekatika natumia betri ya laptopu. Nikaurudisha, nikatuma Alhamisi asubuhi.