Kisigino kinauma kwa nyuma? Kisining'inie ngazini

Mwalimu mmoja wa Isyesye alikuja kwangu mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea. Hatua za kwanza asubuhi alikuwa anachechemea. Akishachangamka kidogo, maumivu yanapungua. Jumapili anacheza mpira wa maveterani, Jumatatu hawezi kuvaa kiatu.

"Mwalimu, umejaribu nini?"

"Nanyoosha mshipa, daktari. Asubuhi na jioni." (Mimi ni mfiziotherapia, lakini nimeshachoka kurekebisha.) Akasimama ukingoni mwa ngazi na kuviacha visigino vining'inie.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Huo anaouita mshipa ni kano inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ikiuma sentimita chache juu ya kisigino, zoezi la ngazini linafaa. Yake nilipoibinya, iliuma pale pale inaposhikana na mfupa. Kisigino kikishuka chini ya vidole, kano hugandamizwa kwenye mfupa, kwa hiyo alikuwa anaitonesha mara mbili kwa siku.

Tulihamia sakafuni. Nilimwambia akate soli ya kandambili kuukuu, unene wa sentimita moja, aiweke ndani ya viatu vyote viwili chini ya kisigino. Kisha ainuke kwa vidole vya miguu yote miwili, sekunde tatu kupanda, tatu kushuka, mara 15, apumzike, arudie hadi awamu tatu, siku moja ndiyo moja hapana. Ilipokuwa rahisi, akahamia mguu mmoja, halafu begi mgongoni lenye kilo tano za maharage, baadaye kumi.

Maumivu hayakumzuia. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, tulikubali hadi tano, mradi kesho yake asubuhi ukakamavu usizidi wa jana. Ukizidi, anapunguza mzigo, haachi. Kukimbia alirudia baada ya wiki 12, na hiyo si muda mrefu kwa kano.

Aliomba sindano ya steroidi, nikakataa kumpeleka: hupoza maumivu, lakini inaweza kuidhoofisha kano. Antibiotiki kama siprofloksasini nazo huongeza hatari ya kano kukatika, hasa kwa wazee na wanaotumia steroidi. Ukiandikiwa huku kisigino kinauma, mwambie daktari.

Aliogopa zoezi litaikata. Kumbe kano nyingi zinazokatika hazikuwahi kuuma kabla. Hukatika ghafla, kwenye kuruka au kuchomoka mbio: unasikia "pa!", unageuka kumtafuta aliyekupiga teke, hakuna mtu. Kinachowadanganya wengi ni kwamba bado unaweza kuchezesha mguu, maana misuli mingine inasaidia, hivyo inaitwa kuteguka na kukandwa maji ya moto.

Jipime hivi: lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, mtu akubinye shavu la mguu. Kano ikiwa haijakatika, utaona unyayo unasogea. Usiposogea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, vidole vikielekezwa chini, bila kuukanyagia.