Kodi ya Uchafuzi Hukadiriwaje? Somo kutoka Mtambo wa Kumenya Kahawa

Kahawa ikianza kuiva kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Julai hivi hadi Desemba, malalamiko kuhusu maji yanayotufikia hapa Moshi huongezeka. Wakulima wa mpunga na wafugaji wa tambarare hueleza kwamba maji ya mto yamekuwa ya rangi ya chai nzito, yananuka uchachu na yameacha ute kwenye mawe. Miezi hiyohiyo tunapokea pia wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa uchumi mdogo. Makundi haya mawili huuliza jambo moja: mwenye mtambo wa kumenya kahawa alipe kiasi gani? Makala hii inajibu swali hilo kwa hesabu, kwa sababu majibu mawili yanayozagaa mitaani, "alipe mpaka afunge" na "ameshalipia, mwacheni amwage", yote hayana msingi.

Kwanza uchafu wenyewe. Mtambo ukimenya kahawa mbivu, maganda na ule ute unaozunguka buni hubaki na sukari nyingi. Maji ya kuoshea yanaibeba sukari hiyo hadi mtoni, bakteria wanaishambulia, na wakiishambulia wanatumia hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji. Samaki hufa kwa kukosa hewa hata kama hakuna sumu yoyote iliyomwagwa. Kipimo chake ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni kinachotumika kuozesha uchafu uliomo katika lita moja ya maji. Kiwango cha Tanzania kwa majitaka yanayotiririshwa kwenye mto ni BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Maji ya kumenyea kahawa yasiyotibiwa hufikia maelfu ya miligramu.

Mwenye mtambo hulipa umeme, vibarua na matengenezo ya mashine. Halipii mpunga uliodumaa wala ng'ombe aliyekataa maji. Gharama hiyo ipo, ila imeangukia mtu ambaye hakushiriki katika biashara ile. Hiyo ndiyo athari ya nje, na soko linashindwa hapo kwa sababu bei haibebi gharama yote. Haimaanishi kwamba mwenye mtambo ni mtu mbaya. Anafuata bei anayoiona.

Tuchukue mfano wa darasani, wenye tarakimu tulizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mtambo unamenya kahawa za wakulima kwa malipo. P ni malipo kwa tani moja ya kahawa mbivu, katika maelfu ya shilingi, na Q ni tani kwa siku. Mahitaji ya wakulima, gharama binafsi ya tani inayoongezwa (MPC), madhara ya tani inayoongezwa kwa watu wa tambarare (MEC), na gharama yake kwa jamii nzima, yaani MSC, ni haya:

```
Mahitaji:  P   = 120 - Q
MPC            = 20 + Q
MEC            = Q / 2
MSC = MPC + MEC = 20 + 1.5Q
```

Soko likiachwa lenyewe, mahitaji yanakutana na MPC: 120 − Q = 20 + Q. Zinamenywa tani 50 kwa shilingi 70,000 kila tani. Jamii nzima ikihesabiwa, mahitaji yanapaswa kukutana na MSC: 120 − Q = 20 + 1.5Q. Hapo tani ni 40. Soko limezidisha tani 10.

Watahiniwa wengi hufika hapa salama, kisha wanaharibu kwenye kodi. Wanachukua madhara ya tani ya 50, ambayo ni 25, na kuandika kwamba kodi ni shilingi 25,000. Ukiweka 25, mtambo unaona gharama ya 45 + Q, na tani zinashuka hadi 37.5. Sasa umezuia tani mbili na nusu ambazo faida yake kwa wakulima ilikuwa kubwa kuliko gharama zake zote, madhara ya mto yakiwemo. Madhara ya tani inayoongezwa hupimwa pale tunapotaka kufika, si pale tulipo. Kwenye tani 40, MEC ni 20, kwa hiyo kodi sahihi ni shilingi 20,000 kwa tani. Kosa hili halionekani kwenye mifano ambayo MEC haibadiliki, ndiyo maana watunga mitihani hupenda MEC inayopanda.

Baada ya kodi mkulima analipa 80, mtambo unabaki na 60, na tofauti ya 20 inakwenda serikalini. Mzigo umegawanyika nusu kwa nusu kwa sababu mistari yote miwili ina mwinamo uleule, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda. Tunaomba hili lieleweke, maana kila msimu tunaambiwa kwamba kodi yote "inamrudia mkulima". Inamrudia yote tu pale ambapo mkulima hana pengine pa kupeleka kahawa yake na bei haimpunguzii hata kilo moja, au pale ambapo gharama ya tani inayoongezwa haipandi kadiri tani zinavyoongezeka. Hapa si hivyo.

Jihakikishie kwa kujumlisha. Kabla ya kodi, ziada ya wakulima, yaani kile ambacho wangekubali kulipa ukitoa wanacholipa, ni 1,250, ya mtambo, yaani malipo ukitoa MPC ya kila tani, ni 1,250, na madhara ya mto ni nusu ya 50 mara 25, yaani 625. Jamii inabaki na 1,875. Baada ya kodi, ziada ya wakulima ni 800, ya mtambo 800, mapato ya serikali 800, na madhara 400. Jamii inabaki na 2,000. Nyongeza ni 125, sawasawa na eneo la pembetatu ya hasara ukiichora mistari hii: nusu ya tani 10 zilizozidi mara pengo la 25. Hesabu mbili zikitofautiana, umekosea mahali. Mara nyingi ni kwa sababu umesahau kuyajumlisha mapato ya kodi. Kodi haipotei, imehama mkono.

Angalia pia kwamba madhara hayakufika sifuri. Yamebaki 400. Kuyaondoa yote kungetaka mtambo ufungwe, na jamii ingepoteza zile 2,000. Na mapato ya 800 hayalingani na madhara ya 400, wala si lazima yalingane. Kodi ya namna hii, iliyopendekezwa na mwanauchumi wa Kiingereza A. C. Pigou mwaka 1920, inasahihisha bei. Kuwalipa fidia walioathirika ni uamuzi mwingine, na hauathiri idadi ya tani.

Faini nayo ni kitu tofauti, na tunachoka kulirudia hili. Kodi ni bei ya jambo linaloruhusiwa. Faini ni adhabu ya jambo lililokatazwa. Mfano wa pili ni mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Kanuni ziliweka faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili, kwa anayemiliki au kuutumia mfuko. Kwa muuzaji ni shilingi 100,000 hadi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Kwa mtengenezaji ni shilingi milioni 20 hadi bilioni moja au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Hakuna kiwango cha kulipia ili uendelee kuutumia. Kwa majitaka utaratibu unachanganya njia zote mbili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayetiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji awe na kibali, na kibali kina masharti. Kulipia kibali hakumpi mtu ruhusa ya kuvuka kiwango.

Mfano wetu una kasoro moja ya makusudi, na ndiyo inayotenganisha jibu zuri na la kawaida. Tumetoza tani ya kahawa, ilhali kinachoua samaki si tani, ni sukari iliyofika mtoni. Mtambo ukichimba mabwawa ya kutuliza maji, ukayarudia maji yaleyale kumenyea, na maganda ukayapeleka kwenye mboji, bado utatozwa 20,000 kwa tani. Hauna sababu ya kujisumbua. Tozo ikiwekwa kwenye kilo ya BOD inayotoka bombani, mwenye mtambo atalinganisha mwenyewe: kusafisha kilo moja kukigharimu pungufu ya tozo, atasafisha, kukizidi, atalipa.

Ugumu uko kwenye kupima. Sampuli zinatakiwa tatu, zichukuliwe wakati mtambo unamenya: moja juu ya bomba, moja mdomoni mwa bomba, moja chini yake. Chupa ijazwe pomoni bila hewa kubaki, ipoozwe, ifikishwe maabara haraka, kisha kipimo chenyewe kinachukua siku tano kwenye nyuzi joto 20. Chupa ya soda iliyokaa siku tatu juani haiwezi kumtoza mtu yeyote, na mlalamikaji asione tunamdharau tunapoikataa. Mitambo ikiwa mingi na midogo, gharama ya kupima kila bomba huweza kuzidi faida, na hapo kutoza tani, pamoja na kasoro yake, kunaweza kuwa njia bora iliyopo.

Wengine huuliza kwa nini watu wasielewane wenyewe. Mwanauchumi Ronald Coase alionyesha mwaka 1960 kwamba wanaweza, haki ikiwa wazi na mazungumzo yakiwa na gharama ndogo. Kwenye mfongo mmoja, yaani mfereji wa asili wa umwagiliaji, wenye kamati na kaya zinazojuana, hilo linawezekana. Kwenye mto unaopita vijiji vingi hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kila mmoja atasubiri mwenzake agharamie kesi.

Ruzuku hufuata kanuni ileile, ikigeuzwa. Mkulima wa mlimani akipanda miti ya kushika udongo, wa tambarare anapata mfereji usiojaa tope bila kumlipa chochote. Tuseme Q sasa ni idadi ya miti, faida binafsi ya mti unaoongezwa ni 60 − Q, gharama yake ni 30, na faida kwa wengine ni 10. Mkulima atapanda 30, jamii inahitaji 40, na ruzuku ni 10 kwa mti. Jumla yake ni 400, ingawa miti iliyoongezeka ni 10 tu. Ile 30, iliyochukua 300 kati ya hizo 400, ingepandwa hata bila ruzuku. Usiandike kwamba zile 300 ni hasara ya jamii, kwa kuwa nazo zimehama mkono. Ni mzigo kwa bajeti, na bajeti ina mipaka.

Ruzuku ya kumlipa mchafuzi ili apunguze ndiyo ya kuogopa zaidi. Ukiulipa mtambo 20,000 kwa kila tani uliyoacha kumenya, leo utafika kwenye tani 40 sawa na kwa kodi. Lakini kumiliki mtambo sasa kuna faida zaidi kuliko mwanzo, kwa hiyo baada ya misimu michache wataingia wenye mitambo wapya na uchafu utapanda tena. Na kwa miti, lipia uliosimama baada ya kiangazi kimoja, si mche uliotoka kitaluni.