Mipigo minne sio pistoni nne

"Si injini ya mipigo minne lazima iwe na pistoni nne?"

Hapana bwana, cheki bodaboda ya cc 125, pistoni ni moja tu. Mpigo ni safari moja ya pistoni, kushuka au kupanda. Inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda valvu zote zimefungwa inabana, plagi inapiga cheche muda mfupi kabla pistoni haijafika juu, moto unaisukuma chini na hapo ndo nguvu inatoka, halafu inapanda tena kutoa moshi. Hapo krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara 2, nguvu imetoka mara 1, ndo maana gia ya kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, ina meno mara mbili ya ile ya krenki. Kwa hiyo krenki ikizunguka mara 6000 kwa dakika, pistoni hiyo inasukumwa na moto mara 3000 tu.