Tao la mlango kwenye ramani ya chumba

Katika ramani ya chumba, mlango huchorwa kama mwanya kwenye ukuta. Upande mmoja wa mwanya umesimama mstari mwembamba, na kutoka ncha yake linashuka tao la robo duara hadi upande wa pili. Mstari huo ni ubao wa mlango ukiwa wazi, na unapogusana na ukuta ndipo penye bawaba. Tao ni njia ya ukingo wa mlango unapofunguka. Ndani ya tao hapakai kitu, hata kapu la nguo.

Kosa la kawaida ni kupima kuta na kulisahau tao. Chukua chumba chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.6, kilichochorwa kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita 2 za karatasi ni mita moja ya chumba. Mlango wa sentimita 80 uko kwenye ukuta mfupi; bawaba yake iko sentimita 10 kutoka kona ya kushoto, nao unafungukia ndani. Kitanda cha sentimita 150 kwa 200 kimeegemea katikati ya ukuta unaoukabili mlango, na kila ubavu umebaki na sentimita 75, zinazotosha mtu kupita.

Sasa kuna kabati la urefu wa sentimita 120 na kina cha 60. Unaliegemeza ukuta wa kushoto, ukilivuta kuelekea mlangoni ili lisizibe ubavu wa kitanda. Linaenea vizuri, na kati yake na ukuta wenye mlango zimebaki sentimita 40. Lakini weka bikari kwenye bawaba, ifungue sentimita 1.6, ambazo ndizo 80 za chumbani, kisha uzungushe. Kona ya kabati iko sentimita 1.3 tu kutoka bawaba, kwa hiyo imo ndani ya tao. Mlango utaigonga kabla hata ya kufika nusu ya mzunguko wake.

Lihamishie kona ya kulia, mgongo ukiegemea ukuta uleule wenye mlango. Kabati nalo lina matao yake: milango miwili ya sentimita 60 kila mmoja. Ikifunguka itabakiza sentimita 40 hadi miguuni pa kitanda, wala haifikii tao la mlango wa chumba. Wewe utasimama kati ya milango hiyo, ambako kuna mita nzima kutoka kabati hadi kitanda. Hapo panafaa.

Ramani iliyopigwa picha au kutolewa kopi huenda imebadilika ukubwa, na skeli iliyoandikwa haifai tena. Pima ukuta mmoja kwa tepu, ulinganishe na mchoro. Pima pia kitasa, maana tao halikionyeshi, na mlango ukifunguliwa hadi mwisho ndicho hutangulia kugonga kilicho nyuma yake.