Michoro ya miale ya lenzi: aina ya taswira isome kwenye picha, mahali pake pachore mwenyewe

Maswali ya lenzi yanayozunguka kwenye simu za wanafunzi wa sekondari hapa Dodoma huwa ni picha ya mchoro wa miale, na chini yake maswali mawili: taswira ni ya aina gani, na iko wapi? Swali la kwanza laweza kujibiwa hata kwenye picha iliyopigwa ovyo. La pili lina masharti, na ndipo alama nyingi zinapopotea. Njia nzuri ya kuona tofauti hiyo ni kuchora mchoro mmoja kwa vipimo, kisha kurudi kwenye picha.

Tuchukue lenzi mbinuko, ile iliyonenepa katikati, yenye urefu wa fokasi wa sentimita 10. Kitu chenye kimo cha sm 2 kimesimama sm 15 mbele yake. Laza karatasi ya A4 kwa upana, chora mhimili mkuu kwa rula, kisha chora lenzi kama mstari mmoja wa wima. Umbo la lenzi lililotuna upande huu na huu ni pambo tu. Ukilichora, mkono utashawishika kuupinda mwale kwenye uso wa kioo, na vipimo vyote vitahama. Mwale upinde mara moja, kwenye mstari wa katikati.

Kwa umbali wa usawa, sm 1 ya karatasi iwakilishe sm 2 halisi. Fokasi zitakaa sm 5 kila upande wa lenzi na kitu kitakaa sm 7.5 kutoka kwenye lenzi. Kwa kimo fanya kinyume: sm 2 za karatasi kwa kila sm 1 halisi, hivyo kitu kichorwe sm 4. Wapo wanaodhani skeli mbili tofauti zinaharibu mchoro. Haziharibu, kwa sababu ukiuvuta mchoro kwa wima tu, mistari iliyonyooka hubaki imenyooka na hukutana umbali uleule kutoka kwenye lenzi.

Sasa chora miale kutoka kwenye ncha ya kitu. Wa kwanza uende sambamba na mhimili, ufike kwenye lenzi, upinde na kupita fokasi ya upande wa pili. Wa pili upite katikati ya lenzi bila kupinda. Hiyo miwili inakutana sm 15 za karatasi kutoka kwenye lenzi, sm 8 chini ya mhimili. Kwa vipimo halisi, taswira iko sm 30 upande wa pili, ina kimo cha sm 4, na imepinduka. Mwale wa tatu ndio hakimu: upitishe kwenye fokasi ya upande wa kitu, ufike kwenye lenzi sm 8 chini ya mhimili, kisha utoke sambamba. Usipopita palepale walipokutana wenzake, kuna kosa mahali. Kanuni `1/f = 1/u + 1/v` inatoa jibu lilelile, lakini ukianza nayo utajikuta unasukuma mistari ikafike unakotaka.

Kwa nini kimo kikuzwe? Miale miwili ya kwanza inakutana kwa pembe nyembamba, na pembe nyembamba haisamehe. Tuseme kitu umekichora kwa kimo cha sm 2 tu, kisha mwale wa kwanza ukaugusa mstari wa lenzi milimita 1 juu ya mahali pake. Mkutano utasogea karibu na lenzi kwa takriban sm 1.3 za karatasi, nawe utaandika kama sm 27.4 badala ya 30. Kitu cha sm 4, kwa utelezi uleule, hupunguza kosa hadi karibu nusu. Penseli ngumu iliyochongwa vizuri inasaidia pia. Kalamu ya wino yenye ncha pana yenyewe tu inakaribia kula hiyo milimita.

Aina ya taswira haihitaji kipimo chochote. Angalia miale baada ya lenzi, na hiyo peke yake. Ikiwa miale yenyewe inakutana, taswira ni halisi na inaweza kudakwa kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa inaachana, na kinachokutana ni mistari ya nukta iliyorudishwa nyuma, taswira si halisi. Sogeza kitu chetu hadi sm 6 kutoka kwenye lenzi, yaani sm 3 za karatasi, ndani ya fokasi. Mwale wa kwanza na wa pili sasa inatoka ikiachana. Irudishe nyuma kwa nukta: inakutana sm 7.5 za karatasi upande uleule wa kitu, sm 10 juu ya mhimili. Taswira iko sm 15 halisi kutoka kwenye lenzi, imesimama wima, kimo sm 5, na hakuna karatasi itakayoidaka. Kwa mchoro huu shusha mhimili karibu na chini ya ukurasa, la sivyo nafasi ya juu itabana. Kosa linalojirudia hapa ni kurefusha nyuma miale inayoingia kwenye lenzi. Hiyo tayari inatoka kwenye ncha ya kitu. Ukiirudisha utakipata kitu chenyewe. Rudisha ile iliyotoka.

Kwa vioo vilivyopinda utaratibu ni huohuo, ila taswira halisi huwa mbele ya kioo na isiyo halisi huwa nyuma yake.

Turudi kwenye picha ya simu. Simu ikiinamishwa, mistari iliyonyooka hubaki imenyooka na iliyokutana bado inakutana, ila urefu wa upande ulio mbali na kamera hupungua. Ndiyo maana aina ya taswira haiathiriki, lakini rula juu ya skrini itakudanganya. Kipimo cha haraka ni fokasi zenyewe: pima kutoka kwenye lenzi hadi fokasi ya kushoto, kisha ya kulia. Ukipata milimita 42 upande mmoja na 36 upande mwingine, picha imeinama. Usipime umbali wowote juu yake. Soma namba zilizoandikwa au hesabu miraba ya karatasi ya grafu, kisha chora upya. Ukurasa uliojikunja karibu na mshono wa kitabu ni mbaya zaidi, maana hapo hata mstari ulionyooka hupinda. Weka ukingo wa rula juu ya mhimili na utaona.

Nakala ya fotokopi iliyofifia ina hila yake: nukta huungana zikaonekana mstari kamili, au hupotea kabisa. Usiamini wino, fuata mishale ya mwelekeo na ujiulize kama mwanga ulifika kweli kwenye mkutano huo.

Mwenye lenzi mkononi anaweza kupima fokasi kabla ya kuchora. Simama ndani ya darasa mchana, mbali na dirisha linalotazama Mlima Mlimwa, weka karatasi nyuma ya lenzi na uisogeze mpaka mlima uonekane mkali, juu chini. Umbali wa lenzi hadi karatasi unakaribia sana urefu wa fokasi, kwa sababu miale ya kitu cha mbali hivyo hufika ikiwa karibu sambamba. Usitumie nguzo ya uani iliyo mita 2 tu: kwa lenzi ya sm 10 utapata takriban sm 10.5. Wala usilitazame jua kupitia lenzi.