Namba ya kufuatilia mzigo haithibitishi kwamba mzigo umetumwa

Wengi wanaoniletea oda za eBay ambazo hazijafika huniambia, “Lakini muuzaji alinipa namba ya kufuatilia.” Namba hiyo pekee haina uzito. Muuzaji aliye Marekani hulipia lebo ya posta akiwa nyumbani kwake, namba ikatoka papo hapo, na oda ikaonekana imetumwa ilhali kifurushi hakijafika posta.

Chukua mteja wangu mmoja wa Donholm, aliyelipa dola 180 kwa lenzi ya kamera. Makadirio ya mwisho ya kufika yalikuwa 18 Machi. Tulipoingiza namba yake kwenye tovuti ya posta ya Marekani, tulikuta mstari mmoja tu: “Shipping Label Created, USPS Awaiting Item”. Lebo imetengenezwa, posta inasubiri kifurushi. Mzigo uliokwama forodha huwa na historia: ulipokelewa, ukapita kituo cha kupanga, ukatoka nchini. Huu haukuwa nayo. Akapiga picha ya skrini nzima, tarehe ikionekana.

Muuzaji alikuwa akimwomba asubiri, eti forodha ya Kenya inachelewesha. Hapo ndipo watu huumia, kwa kuwa eBay hupokea madai ya mzigo usiofika ndani ya siku 30 baada ya tarehe ya mwisho ya makadirio. Kwake, mwisho ulikuwa 17 Aprili. Tulifungua madai 20 Machi, na siku hiyohiyo akamwandikia muuzaji, ndani ya eBay wala si WhatsApp:

“Lenzi niliyoagiza ilipaswa kufika kufikia 18 Machi. Rekodi ya posta inaonyesha hawajapokea kifurushi. Naomba nirejeshewe dola 180 zote. Ikiwa ulikituma, nitumie risiti ya posta yenye tarehe ya kukikabidhi.”

Ombi la risiti ndilo kiini cha ujumbe huo. Aliyetuma mzigo ataitoa. Asiyetuma atabaki na ahadi, na ahadi hizo zitasomwa na mfanyakazi wa eBay atakayeamua. Ndiyo maana sitaki matusi humo, hata ukiwa na hasira ya haki.

Muuzaji akajibu: “Funga madai kwanza, ndipo nirudishe pesa.” Usikubali kamwe. Anaweza kurudisha pesa madai yakiwa wazi, na ukishayafunga huwezi kuyafungua tena. Muuzaji hupewa siku 3 za kazi kutatua jambo. Zikipita, ni wewe unayepaswa kurudi kwenye madai na kuiomba eBay iingilie. Mteja wangu alifanya hivyo, na pesa zikarudi kwenye kadi yake.

Angekuwa ametumia anwani ya wakala wa mizigo huko Marekani, na rekodi ionyeshe kifurushi kilifika kwa wakala, kinga ya eBay ingeishia hapo. Kilichopotea kati ya wakala na Nairobi kinadaiwa kwa wakala mwenyewe.