Dawa ya kibofu, siku tatu au tano?

"Mwenzangu kapewa Septrini ya siku tatu, mimi nitrofurantoini ya siku tano, na sote mkojo unatuchoma. Nani kapunjwa? Na mbona nikaulizwa kama mgongo unauma?"

Hakuna aliyepunjwa. Wengi wameshika kwamba dozi kamili lazima ifike siku saba, lakini maambukizi ya kibofu peke yake, kwa mwanamke asiye na mimba wala kisukari, hayahitaji hivyo. Septrini, yaani kotrimoksazoli, hunywewa vidonge viwili vya miligramu 480 asubuhi na viwili jioni, kwa siku 3. Nitrofurantoini ile ya kuyeyuka polepole ni miligramu 100 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, kwa siku 5. Siku za ziada huleta zaidi kichefuchefu na upele kuliko nafuu.

Nitrofurantoini ina tabia ya ajabu. Ni kama abiria anayepanda boti Mokowe kwenda Amu: njiani hana shughuli, kazi yake inaanzia gatini. Damu ndiyo njia tu, haikai humo. Figo huichuja upesi na kuimwaga kwenye mkojo, na huko inajaa kiasi cha kuua bakteria. Mkojo ukigeuka kahawia usishtuke, ni dawa hiyo.

Tabia hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Inapita kwenye figo lakini hailowi vya kutosha ndani ya nyama yake. Bakteria wakishapanda huko, kibofu kinaweza kutulia huku figo inaendelea kuugua. Ndiyo sababu ya swali la mgongo: figo ikiugua, maumivu husikika huko.

Chukua dada wa Langoni aliyeanza kuchomwa Jumatatu. Haja ndogo kila saa, mkojo matone, homa hana, uchafu ukeni hana. Kaanza nitrofurantoini. Kwa kawaida Jumatano angeona nafuu. Badala yake usiku akatetemeka kwa baridi, homa ikapita 38, akatapika, na ukimgusa mgongoni kulia, chini kidogo ya mbavu, anaruka. Hapo asimalizie vidonge kwanza, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo utaoteshwa maabara ili bakteria wajulikane, na huenda akaanzishiwa sindano ya seftriaksoni.

Septrini nayo ina mpaka wake: bakteria wengi wameizoea. Aliyeimeza miezi mitatu iliyopita, au anayeinywa kila siku kwa ajili ya VVU, afadhali apewe nyingine. Mwenye mzio wa salfa asiiguse kabisa. Na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao Pwani si jambo geni, amwambie muuza dawa mapema, maana nitrofurantoini inaweza kumvunjia chembe za damu.

Huku kwetu homa ya kutetemeka huitwa malaria kabla ya kupimwa. Kipimo cha malaria hata kikitoka na vijidudu, maadamu mgongo unauma na mkojo unachoma, mkojo nao upimwe.